Naomba ushauri: "Ukipenda boga, penda na ua lake" kwa Kiingereza

Wakuu, naomba msaada wa tafsiri ya manukuu ya filamu. Mama anamwambia kijana anayeoa mwanamke mwenye mtoto: "Ukipenda boga, penda na ua lake." Nafasi ni mistari miwili, kila mmoja herufi 42, kwa hiyo maelezo ya pembeni hayaingii.

Ua hapa ni la maua, si la nyumba. Lingekuwa uzio tungesema "ua wake". Shida ni kwamba neno kwa neno, Mwingereza anaona ua kama pambo, hivyo anaelewa "penda na uzuri wake". Maana inageuka kabisa, kwa sababu kwetu ua hapa ni kile kinachoambatana na boga, upende usipende.

Waingereza wana yao: "nipende mimi, mpende na mbwa wangu." Maana inakaa, lakini mtoto anakuwa mbwa! Mama wa Kiswahili hawezi kutamka hivyo harusini.

Ninachofikiria ni kubakiza boga na kubadili ua kuwa mmea wake unaotambaa, maana huo hauna sifa ya urembo na unashika kila kitu jirani. Je, picha inabaki yetu, au kuna njia bora?