Nimekatwa alama 4 kwa mipaka ambayo haina pa kubadilika

Wakuu, nimechoka na usahihishaji wa namna hii. Karatasi ya kalkulasi imerudi leo. Swali la alama 6:

```
∫₀¹ x³ e^(x²) dx
```

Niliweka `u = x²`, hivyo `du = 2x dx`. `x³` nikaichukua kama `x²` mara `x`, ikawa `½ ∫₀¹ u e^u du`. Nikaintigreti kwa sehemu, nikapata `½ [u e^u − e^u]` toka 0 hadi 1. Kwenye 1 inafutana yote, kwenye 0 ni −1, ukitoa unabaki na 1. Jibu `½`. Sahihi kabisa, nimepewa 2!

Wino mwekundu umeandika: "Hukubadili mipaka. C iko wapi?" Nibadili iwe nini, wakati 0 ukiizidisha kwa yenyewe ni 0 na 1 ni 1? Na C kwenye integrali yenye mipaka inaingia juu, inatolewa chini, inakwisha. Huyu hakusoma kazi yangu, alikuwa anatafuta alama za kukata!

Kipeo_cha_Pili: Pole, lakini sheria ni sheria. Ukibadili kigezo, mipaka lazima ibadilike. Ikibaki ileile umekosea.

Chaki_Nyeupe: Hapana ndugu. Lazima ni kuipitisha kwenye `u = x²`, itoke inavyotoka. Mpaka wa juu ungekuwa 2, ungekuwa 4, na aliyeacha 2 angekosa kweli. Mleta uzi, uliandika mstari wa "x = 0, u = 0; x = 1, u = 1"?

Mleta uzi: Sikuandika. Nilifanya kichwani.

Chaki_Nyeupe: Hapo ndipo ulipompa nafasi. Mimi nimesahihisha miaka mingi. Bila mstari huo siwezi kutofautisha aliyehesabu na aliyenakili mipaka. Ningekata 1, si 4. Ile C haina hoja, wamekuonea. Weka picha ya karatasi.

Mleta uzi: Nimeweka.

Chaki_Nyeupe: Mstari wa 3 hauna `½`, wa 5 inayo. Imerudije?

Mleta uzi: Nilisahau kuinakili, nikaikumbuka mwishoni. Sikughushi!

Chaki_Nyeupe: Nakuamini. Bila nusu ungepata 1, na 1 haiwezekani: `e^(x²)` haizidi `e` hapo, na `x³` toka 0 hadi 1 ni robo, kwa hiyo jibu haliwezi kupita `e/4`, kama 0.68. Ila msahihishaji anaona alama ya usawa kati ya vitu visivyo sawa.

Sinta_Kosi: Mimi pia niliacha C kwenye `∫ x cos x dx`, wakakata 1. Nikate rufaa?

Chaki_Nyeupe: Yako haina mipaka. Walikata kwa haki.

Mleta uzi: Sawa, mstari wa 3 nakubali. Alama zangu za C na mipaka nazidai kesho asubuhi.

Kipeo_cha_Pili: Bado nasema mipaka ilipaswa kuonekana.