Ushauri: Barua ya kuomba shule imwekee binti yangu Filter Keys

Mama Ilham
Habari za jioni wakuu. Binti yangu yuko darasa la sita, ana mtindio wa ubongo. Kichwani yuko vizuri, ila vidole havimtii. Kompyuta za shule yao zina Windows 10 na watoto wote wanatumia akaunti moja. Niliongea na mwalimu wa TEHAMA kwa mdomo, akawasha kitu kinaitwa Filter Keys. Kipindi kilichofuata watoto wengine wakalalamika kibodi imekufa, ikazimwa, mpaka leo binti anakaa pembeni anaangalia wenzake. Sasa naambiwa niandike barua. Nimeandika hivi:

"Naomba mumsaidie mtoto wangu kwenye kompyuta kwa kuwa ana ulemavu wa mikono. Natanguliza shukrani."

Nahisi haitoshi. Niongeze nini?

Chande wa Tanga
Dada pole. Hapo barua ya nini? Mwambie abonyeze Shift mara tano mfululizo, kinatokea kidirisha cha Sticky Keys, akubali. Kwisha habari.

Kisoda
Mimi ningemnunulia tableti aongee tu, iandike yenyewe. Siku hizi mambo ya kubonyeza yamepitwa na wakati.

Mama Ilham
@Kisoda kaka, mtihani wa vitendo wanakaa kwenye kompyuta za shule. Na matamshi yake watu wasiomzoea hawayashiki, sembuse simu.

Fundi Maabara
Natunza chumba cha kompyuta cha sekondari, ngoja nichangie. Chande hajakosea kuhusu Shift mara tano, ila Sticky Keys inasaidia jambo moja tu: asilazimike kushika vitufe viwili kwa pamoja. Anagusa Shift, anaachia, kisha anagusa herufi, inatoka kubwa. Herufi zinazojirudia haizigusi.

Mama Ilham, mpe aandike jina lake na sentensi moja bila kusahihisha, halafu utuwekee hapa kama ilivyo.

Mama Ilham
Nimemkalisha kwenye laptop ya mjomba wake. Ametoa hii:

miiiiimi ninsaaaaitwa ilhasmmmm

Fundi Maabara
Asante. Hapo pana makosa ya aina mbili. "miiiiimi" ni kidole kukaa kwenye kitufe, kompyuta inaendelea kumwaga herufi. "ninsa" na "hasm" ni kidole kupita juu ya S kikielekea au kikitoka kwenye A, maana viko jirani. Kila moja lina dawa yake.

Fungua Control Panel, Ease of Access Center, Make the keyboard easier to use, kisha Set up Filter Keys. Chagua Turn on Repeat Keys and Slow Keys, ingia kwenye mipangilio yake. Weka Ignore all repeated keystrokes, hapo akikaa kwenye I hata dakika nzima inatoka moja. Kwa ile S, tumia Slow Keys: kitufe hakikubaliwi mpaka kishikwe kwa muda fulani, kwa hiyo mguso wa kupita hauhesabiki.

Nadhani ndipo shule ilipokwama. Slow Keys inakuja imewekwa sekunde 1.0. Mtoto wa kawaida anagusa na kuachia upesi kuliko hapo, hakuna kinachotokea, anasema kibodi mbovu. Hata kwa binti ni ndefu mno. Anza 0.3, na S zikiendelea kutokea panda 0.5. Kuna kisanduku cha kuandika majaribio humo humo, jaribuni nyumbani kwanza ili barua iende na namba.

Babu Karani
Mimi mikono inatetemeka kwa uzee, nilikuwa napata "baabuu". Kijana wangu aliniwekea Bounce Keys nusu sekunde, nikapona. Mwekee na hiyo.

Fundi Maabara
Shikamoo Babu. Yako ni kidole kugonga mara mbili, na Bounce Keys ndiyo mahali pake. Ya binti ni kukaa, si kugonga. Halafu kwenye dirisha lile la Windows 10 unachagua moja: ama Bounce Keys, ama Repeat na Slow. Kwake ningechukua ya pili.

Mama Ilham
Shikamoo ya Babu naomba niipokee kwa niaba yake, hajajibu 😀 Tumejaribu. Kwa 0.3 S bado zinapenya moja moja, kwa 0.5 zimekata. Ameandika jina lake safi, polepole. Ila amekasirika kwamba akikosea hawezi kushikilia Backspace ifute mstari.

Fundi Maabara
Ndiyo gharama yake, kurudia kumezimwa kwa vitufe vyote. Mwashie Sticky Keys ya Chande: anagusa Ctrl, anaachia, anagusa Backspace, neno zima linafutika. Muhimu sana: toa tiki kwenye Turn off Sticky Keys when two keys are pressed at once. Kwa kawaida iko imewekwa. Mkono wake ukilalia Shift na herufi kwa pamoja, Sticky Keys inajizima na hatajua kwa nini.

La akaunti sasa. Mipangilio hii inakaa kwa mtumiaji, haikai kwa kompyuta. Mkigawana akaunti mnagawana na Filter Keys. Mwalimu akifungua Command Prompt kama msimamizi:

```
net user ilham6 * /add
```

inamwuliza nywila, akaunti imezaliwa, haina mamlaka ya kuharibu chochote. Hiyo ndiyo iwe kiini cha barua.

Wakili Mtaani
Weka na Sheria ya Watu wenye Ulemavu Na. 9 ya mwaka 2010. Shule zinasikia lugha hiyo.

Mwl Mstaafu
Mimi nilikuwa mwalimu mkuu, nakwambia barua ya kwanza ikianza na sheria inapelekwa kwenye bodi, na bodi inakaa kwa mihula. Iombe akaunti, mwalimu aitekeleze siku hiyo hiyo. Sheria weka akiba.

Wakili Mtaani
Na wakikaa kimya? Mstari mmoja wa sheria haumuumizi mtu.

Mama Ilham
Nimefuata ya Mwalimu kwa sasa. Iko hivi:

Mwalimu Mkuu,
Kupitia kwa Mwalimu wa Darasa la Sita.

YAH: OMBI LA AKAUNTI YA KOMPYUTA KWA MWANANGU

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mwanangu ana mtindio wa ubongo na hawezi kuinua kidole haraka kutoka kwenye kitufe. Naomba kompyuta moja anayokaa siku zote iwe na akaunti yake mwenyewe, ili mipangilio isiwasumbue wanafunzi wengine. Katika akaunti hiyo naomba Filter Keys iwashwe, Repeat Keys iwe kwenye Ignore all repeated keystrokes na Slow Keys iwe sekunde 0.5, pamoja na Sticky Keys isiyojizima vitufe viwili vinapobonyezwa pamoja. Tumejaribu nyumbani, nimeambatisha alichoandika kabla na baada. Hakuna programu ya kununua. Niko tayari kuja kipindi cha kwanza.

Fundi Maabara
Safi. Ongeza ombi moja: mwalimu azime kompyuta, aiwashe, aingie tena kwa akaunti yake athibitishe mipangilio ipo. Baadhi ya maabara zina programu inayorudisha kila kitu nyuma kompyuta ikizimwa. Kama na yao ni hivyo, inabidi aifungue kwanza, aweke, ndipo afunge.

Mama Ilham
Naongeza. Na muda wa mtihani? Kwa 0.5 anachukua karibu mara mbili ya wenzake.

Mwl Mstaafu
Hilo liandikie barua yake peke yake, usilichanganye na hii. Mtihani wa ndani mwalimu mkuu anaweza kuamua. Wa taifa una utaratibu mwingine, muulize mwalimu wa taaluma mapema, kabla ya usajili.

Chande wa Tanga
Mie nilidhani Shift mara tano inatosha. Ukipata jibu la shule lilete hapa dada, nina mpwa.