Barua ya kupanga kikao kwa msomaji wa simu: pendekezo moja au chaguo mbili?

Karani wa Kampemba (Lubumbashi)

Ndugu zangu, naomba maoni yenu. Mkurugenzi wetu ni mama aliyekulia Bukavu, lakini sasa anakaa Kinshasa, na barua pepe zake zote anazisoma kwenye simu, mara nyingi akiwa garini au akitoka kikao kimoja kuingia kingine. Rasimu yangu ya kwanza ilikuwa hii:

> Mada: Ombi kuhusu kikao
> Mheshimiwa Mama Mkurugenzi, natumaini barua hii itakukuta wewe na familia yako mkiwa na afya njema. Kama utakavyokumbuka, mwezi uliopita tulisema kwamba ingefaa tukutane ili kupitia ripoti ya robo ya tatu kabla haijapelekwa kwa wafadhili. Nimezungumza na mhasibu, ambaye hatakuwepo Jumatatu na Jumanne, na vilevile na msimamizi wa ghala, ambaye angependelea asubuhi ingawa mchana pia anaweza. Kwa hiyo tulifikiria labda Jumatano saa nane au, ikishindikana, Alhamisi saa tatu, kwa muda wa saa moja hivi, kwa simu. Tutashukuru kupata maoni yako utakapopata nafasi.

Nimeifupisha kwa namna mbili, nami sijui nichague ipi.

> Ya kwanza: Mama Mkurugenzi, salamu. Naomba tuzungumze kwa simu Jumatano saa nane kuhusu ripoti ya robo ya tatu. Nisipopata jibu hadi Jumatatu jioni, nitahesabu kwamba umekubali.

> Ya pili: Mama Mkurugenzi, salamu. Kikao cha simu kuhusu ripoti ya robo ya tatu: (A) Jumatano saa nane, au (B) Alhamisi saa tatu. Tafadhali jibu kwa herufi moja.

Kijana wa Himbi (Goma)

Zote mbili bado ni ndefu. Weka kila kitu kwenye mada, uache mwili wa barua mtupu, na salamu uziondoe kabisa, kwa sababu mtu anayepitia barua haraka hana haja nazo. Au, bora zaidi, usiandike barua yoyote: mtumie mwaliko wa kalenda, abonyeze kukubali, na kazi imekwisha.

Papa wa Ibanda (Bukavu)

Kijana amegusa jambo la kweli kuhusu mada, lakini amelivuta kupita mahali pake. Simu ikishikwa wima huonyesha herufi kama thelathini au arobaini tu za mada, kisha hukata. Ukijaza humo kikao kizima, kinachokatwa ni mwisho, na mwisho ndipo watu wengi huweka siku na saa. Siku na saa zitangulie, jina la shughuli lifuate. Tena usianzishe barua hii kwa kujibu barua ya zamani, kwa maana yale maandishi ya «RE: TR: RE:» yatakula nafasi yote kabla hata siku haijatajwa.

Chini ya mada, simu huonyesha mwanzo wa mstari wa kwanza. Kwa rasimu yako ndefu, Mama Mkurugenzi angeona «Ombi kuhusu kikao», halafu «Mheshimiwa Mama Mkurugenzi, natumaini barua hii…», na hapo hakuna hata neno moja la kumfanya aifungue sasa badala ya usiku. Hata hivyo, sikubali kwamba salamu ziondolewe. Mama wa Bukavu akipokea barua ya mdogo wake kazini isiyo na salamu, ataijibu, lakini atakumbuka. «Mama Mkurugenzi, salamu» inachukua maneno matatu, nayo inatosha juu. Habari za familia ziwekwe mstari wa mwisho, chini ya ombi.

Mambo ya mhasibu na msimamizi wa ghala yamefanya kazi yake kwako wewe: yamekusaidia kupata siku mbili zinazowezekana. Yeye hayamhusu, na umefanya vema kuyatoa.

Kinachonitia wasiwasi katika matoleo yote mawili ni saa yenyewe. Kwanza, Lubumbashi iko mbele ya Kinshasa kwa saa moja, nawe hukusema unahesabu kwa saa ya mji gani. Pili, «saa nane» kwa hesabu yetu ni 14:00, lakini mtu ambaye mchana kutwa anafanya kazi kwa Kifaransa anaweza kusoma nane akaona 8:00 asubuhi. Vivyo hivyo «saa tatu»: kwetu ni 9:00, kwake inaweza kuwa 15:00. Zote nne ni saa za kazi, kwa hiyo kosa halitajulikana mpaka siku yenyewe, mtu mmoja akiwa kwenye simu na mwingine hayupo. Andika kwa tarakimu, na saa ya mji wake itangulie.

Kuhusu mwaliko wa kalenda, huo ni mzuri baada ya makubaliano, kwa kuwa simu yenyewe hugeuza saa kulingana na mahali alipo. Kabla ya makubaliano, unamwekea mkubwa wako kikao ambacho hajakikubali. Isitoshe, kwenye baadhi ya simu mwaliko huonekana kama kiambatisho tu kiitwacho `invite.ics`, na anayepita haraka hatakifungua.

Mama wa Katuba (Lubumbashi)

Mimi nina taabu kama hiyo na wazazi wa shule yetu. Barua ya mkutano tunaipiga chapa, tunaitia muhuri, tunaipiga picha na kuituma WhatsApp, halafu kila mmoja ananipigia kuuliza ni siku gani. Je, nipunguze maneno ya barua?

Papa wa Ibanda (Bukavu)

Mama, hapo urefu si tatizo. Picha ya barua haisomeki mpaka mtu aifungue na kuikuza, na asiye na mega za kutosha haipakui kabisa. Iache barua yenye muhuri kama ilivyo, ila juu yake andika mstari mmoja wa maandishi ya kawaida wenye siku, saa na mahali.

Karani wa Kampemba (Lubumbashi)

Nashukuru, Papa. Nimefuata toleo la pili, nikaliandika upya hivi:

> Mada: Jumatano 14/10 au Alhamisi 15/10? Ripoti
> Mama Mkurugenzi, salamu. Naomba uchague saa ya kikao cha simu (muda wa saa moja) kuhusu ripoti ya robo ya tatu. Herufi moja inatosha:
> A – Jumatano 14 Oktoba, 13:00 Kinshasa (14:00 Lubumbashi)
> B – Alhamisi 15 Oktoba, 8:00 Kinshasa (9:00 Lubumbashi)
> C – hakuna inayofaa
> Natumaini nyumbani wote ni wazima.

Lakini bado natamani ule mstari wa «nisipopata jibu», maana ripoti ina tarehe yake ya mwisho.

Papa wa Ibanda (Bukavu)

Uongeze. «Nisipopata jibu hadi Jumatatu jioni, nitashika A.» Ukimya wa mtu mwenye kazi nyingi mara nyingi maana yake ni kwamba hana pingamizi.

Mama wa Katuba (Lubumbashi)

Mimi sikubali. Wewe Papa unaandika kama mtu anayelingana naye kwa cheo. Karani akimwambia mkurugenzi kwamba ukimya wake ni kibali, amempa amri. Mwandikie tena Jumatatu asubuhi, mstari mmoja, au mpigie msaidizi wake.

Kijana wa Himbi (Goma)

Na kama ukimya ni kwa sababu mtandao ulikatika? Hapo utakuwa umeshika A peke yako.

Papa wa Ibanda (Bukavu)

Hilo nakubali. Basi mstari huo utumike kwa wenzako wa cheo kimoja, na kwa Mama Mkurugenzi useme tu: «Tungependa kujua kufikia Jumatatu jioni, kwa sababu ripoti inaondoka Ijumaa.» Na akijibu «C», au akitaja siku nyingine, usiendelee kwenye barua hiyohiyo, kwa sababu mada itabaki na tarehe ya zamani; fungua mpya yenye tarehe mpya mwanzoni.