Tupeane uzoefu: koo linapouma, kipi cha jikoni kinatuliza na kipi kinachoma?

Mfamasia wa Zamu
Wadau, kuna mchanganyiko unazunguka kwenye simu za watu: vichwa viwili vya kitunguu saumu, malimau manne, tangawizi ukubwa wa kiganja, vyote mbichi, vinasagwa kwa blenda na nusu lita ya maji, kikombe kutwa mara tatu. Watu wanakuja dirishani siku ya tatu koo limezidi kuuma, na kaakaa limechubuka. Wao wanasema dawa "inapigana na ugonjwa". Mimi nasema wameunguza koo. Leteni mnavyofanya, ila kwa vipimo. "Kidogo tu" si kipimo.

Kibuyu
Tangawizi kipande cha urefu wa kidole gumba. Osha, kata vipande vyembamba, tia kwenye maji vikombe viwili, funika, chemsha kwa moto mdogo dakika kumi. Chuja. Hapa kwenye kuchuja ndipo blenda inapoharibu: tangawizi ina nyuzi, na zile nyuzi pamoja na masalia hubaki zimeganda kwenye koo ambalo tayari limevimba, zikiendelea kuwasha hata baada ya kumeza. Ya unga ni hivyo hivyo, tena tangawizi iliyokaushwa ni kali kuliko mbichi, kwa hiyo kijiko cha unga hakilingani na kijiko cha mbichi iliyoparuzwa.

Baada ya kuchuja subiri. Shika kikombe kwa kiganja chote. Ukihamisha vidole, bado ni cha moto mno. Kikishikika, koroga asali kijiko kimoja cha mezani, halafu kamulia robo ya limau, si zaidi. Kunywa polepole, kikombe kimoja kichukue robo saa hivi.

Mfamasia wa Zamu
Kibuyu kagusa penyewe. Kinachotuliza kwanza ni uvuguvugu na ule ulaini wa asali. Kuna jaribio la Cardiff, Wales, la mwaka 2008: watu 30 wenye mafua walipewa kinywaji kilekile cha matunda, wengine cha moto, wengine cha joto la kawaida la chumbani. Cha moto kilipunguza maumivu ya koo, cha joto la kawaida hakikufanya hivyo. Ni jaribio dogo na maumivu ya koo yalipimwa kwa walivyojisikia tu, lakini linaeleza kwa nini hata chai ya rangi inasaidia. Tangawizi yenyewe ina viambato vinavyopunguza uvimbe maabarani. Kwamba kikombe cha tangawizi kinaponya koo la mafua, hilo halijathibitishwa vizuri kwa watu. Inywe kwa sababu inatuliza, inatosha.

Limau ni asidi. Kwenye ngozi nzima hulisikii, kwenye kidonda unaruka. Koo lililovimba ni kidonda. Tena ukishinda unalinyonya kutwa nzima, meno nayo yanalika.

Dereva wa Usiku
Mkuu, mbona mnaisahau saumu? Saumu ni antibaiotiki ya asili, imethibitishwa maabara inaua bakteria. Punje tatu mbichi, tafuna taratibu zikae kooni, zichome. Ikichoma ujue inafanya kazi.

Mfamasia wa Zamu
Nusu umepata. Maabarani inaua, kweli. Ile nguvu hutokea punje inapopondwa: vitu viwili vilivyokuwa vimetengana ndani yake vinakutana, na kile kinachozaliwa ndicho kinachonuka na kuchoma. Ila hakibagui bakteria na nyama yako. Ponda punje uifunge kwa bandeji kwenye mkono usiku kucha, asubuhi utakuta lengelenge. Hospitali huwa zinapokea watu waliojiunguza hivyo. Kwa hiyo kuchoma ni dalili ya kuchoma, basi.

Halafu koo nyingi za mafua zinatokana na virusi, hata antibaiotiki ya dukani haizisaidii. Jaribio linalotajwa sana la saumu lilifuata watu 146 kwa wiki 12, na lilihusu kuzuia mafua kwa vidonge kila siku. Halikuwatibu watu ambao koo linauma tayari. Ukiipenda, ponda punje moja, iache dakika kumi, itie kwenye supu ya kuku ukishaepua. Ukiitupa kwenye maji yanayochemka mara tu baada ya kuimenya, unabaki na harufu na ladha.

Mama Wawili
Nina wa miezi minane, anakohoa na anakataa kunyonya, nadhani koo. Mama mkwe anasema nimlambishe asali iliyochemshwa, eti ikichemka haina shida?

Mfamasia wa Zamu
Usimpe, dada. Chini ya mwaka mmoja asali hapana, hata iliyochemka. Inaweza kubeba mbegu za bakteria wanaotengeneza sumu ya kulegeza misuli kwenye utumbo wa mtoto mchanga, na mchemko wa jikoni hauziui. Limau na tangawizi pia achana navyo. Na mtoto wa umri huo akikataa kunyonya, mpeleke leo akaonwe.

Kwa mkubwa wa mwaka na zaidi, asali nusu kijiko cha chai hadi kijiko kizima kabla ya kulala inasaidia kikohozi. Hapo ushahidi upo, ingawa wa wastani. Wa maumivu ya koo yenyewe ni mdogo zaidi.

Sauti ya Kaswida
Na mimi sauti imekauka wiki ya pili, tuna shughuli Ijumaa. Natafuna tangawizi na chumvi kila saa. Niongeze?

Kibuyu
Hiyo ni sauti, ndugu, mada ni koo. Nyuzi za sauti ziko kwenye njia ya hewa. Unachomeza hakipiti juu yake, na maji ya kusukutua hayafiki huko. Tangawizi ya kila saa itakuletea kiungulia, na asidi ikipanda usiku ndiyo inaikausha sauti zaidi. Maji, ukimya, na usinong'one, kunong'ona kunachosha vilevile. Ikipita wiki tatu nenda kwa daktari wa masikio, pua na koo.

Chumvi ni ya kusukutua: nusu kijiko cha chai kwenye glasi ya maji vuguvugu, sekunde 20, tema. Ukizidisha unajikausha.

Mfamasia wa Zamu
Niongeze la kutofautisha. Koo la mafua huja na kikohozi na kamasi. Likija na homa kali, tezi za shingo zinauma ukizigusa, mafindofindo yana utando mweupe na hakuna kikohozi, hasa kwa mtoto wa miaka 5 hadi 15, acha sufuria, akapimwe. Bakteria wa aina hiyo akiachwa anaweza kuleta homa inayoharibu vali za moyo. Na anayeshindwa kumeza mate, au kufungua kinywa, ni hospitali saa hiyohiyo.

Dereva wa Usiku
Sawa, saumu nitaitia kwenye supu. Karafuu je? Sisi tunamumunya mbili, koo linakufa ganzi kabisa.

Kibuyu
Ganzi ni kweli, mafuta yake ndiyo hayo ya jino. Mbili nzima, bila kuzitafuna, sioni tatizo.

Mfamasia wa Zamu
Mimi nasita. Mafuta ya karafuu yenyewe yanachubua kinywa, na kwenye punje nzima hujui umemumunya kiasi gani. Nipe kipimo, Kibuyu.

Kibuyu
Kipimo ni mbili, dakika tano, tema. Zaidi ya hapo sina.