MREJESHO: Gemu fupi ambayo ukifa hupotezi kila kitu

Niliuliza: "Napenda gemu za raundi fupi, kila raundi na ramani tofauti, ila kufa na kuanza sifuri kunanikera. Nicheze ipi?"

Wakuu, asanteni sana. Nilianza na Hades kama wengi mlivyoshauri, na hapo ndipo nilipotulia. Ukifa, baraka za miungu na hela za raundi ile zinapotea, lakini Darkness uliyookota unarudi nayo nyumbani, unaitumia kwenye kioo cha chumbani kununua nguvu za kudumu. Mimi nilikimbilia Death Defiance kwanza: ukifa unafufuka palepale na nusu ya uhai. Hata raundi mbovu inakuachia kitu. Hadithi nayo inasogea kila ukifa, wahusika wana maneno mapya, hadi unajikuta unataka kufa ukasikilize umbea.

Aliyesema niwashe God Mode, Mungu akubariki mkuu. Licha ya jina, bado unakufa. Inapunguza madhara kwa asilimia 20, kisha asilimia 2 zaidi kila ukifa, mwisho 80. Iko kwenye mipangilio, unaiwasha na kuizima utakavyo.

Dead Cells imenishinda nusu. Silaha ulizokwisha kufungua zinabaki, sawa, lakini seli ulizobeba, zile za kufungulia vitu vipya, zinapotea zote ukifa kabla ya kumfikia Collector, anayezipokea na kukaa kati ya eneo na eneo. Nikiwa na seli nyingi mfukoni nacheza kwa woga, utamu unaisha. Mapigano yake matamu lakini, kwa hiyo sijaifuta.