Naomba ushauri: natafuta asili ya babu yangu Ngazija, nina jina lake na la baba yake tu

MjukuuWaMalindi
Assalaam alaykum wanajukwaa. Babu mzaa baba alizaliwa Ngazija, akaja Unguja kijana miaka ya 1930, akawa fundi cherehani mtaa wa Malindi mpaka alipofariki 1958. Baba alikuwa na miaka 7 tu, kwa hiyo hakupata kusimuliwa mengi. Baba naye ametutoka mwaka jana, na tangu siku ile jambo hili halinitoki moyoni.

Nina hati ya ndoa ya babu na bibi, yenye jina lake na la baba yake, majina ambayo nusu ya Ngazija wanayo. Nina picha moja, na neno la shangazi kwamba "kwao Itsandra". Nataka kwenda mwezi wa 8 kwa siku 10. Nianzie ofisi gani? Wazee nitawapataje? Natamani nipate cheti chake cha kuzaliwa na nione nyumba aliyozaliwa.

Kilindini_Boy
Pole kwa msiba. Hilo mbona jepesi. Wafaransa walikuwa watu wa makaratasi. Fika Moroni, nenda ofisi ya vizazi na vifo, toa jina la babu na la baba yake, watakutolea cheti siku hiyo hiyo. Zinazobaki tembea ufukweni.

BiMbeni
Mwanangu wa Mombasa, Wafaransa kweli waliandika, lakini usimpe mwenzio tamaa hiyo. Mtoto aliyezaliwa kijijini Ngazija karibu na 1910 mara nyingi hakuandikwa popote. Halafu visiwa vya Komoro viliunganishwa na Madagaska mpaka 1946, kwa hiyo makaratasi mengine ya wakati huo yalibaki mikononi mwa utawala wa Madagaska, mengine yako Ufaransa. Na hayo ya Moroni yenyewe, enzi ya mtawala Ali Soilih, kati ya 1975 na 1978, kumbukumbu za serikali zilichomwa moto. Mimi nilikuwa msichana, nayakumbuka mazungumzo ya wakubwa.

Sasa wewe Mjukuu, mjukuu wangu. Umeshika uzi kwa upande usiofaa. Unamtafuta babu kwa jina la baba yake, kama tunavyofanya Unguja. Ngazija mtu ni wa nyumba ya mama yake. Ukoo wetu, hinya, unakwenda kwa wanawake. Nyumba na shamba la manyahuli, yaani mali ya ukoo wa mama, hurithiwa na mabinti, na mwanamume akioa huhamia kwa mkewe. Kwa hiyo ukienda bangweni, uwanja wanapokutana wazee, ukauliza "mwana wa fulani bin fulani", wazee watakutazama kwa huruma tu. Watakuuliza: mama yake nani? Bila jina la mama, mlango haufunguki.

Jingine. Itsandra ni mji, lakini pia ni jina la nchi nzima iliyokuwa na sultani wake, na ndani yake mna miji kama Ntsujini. Mtu wa Ntsujini akiwa Unguja angeweza kusema "kwetu Itsandra" na asiseme uongo. Shangazi yako alisikia neno gani hasa, na kutoka kwa nani?

Wete_Maskati
Kama unataka uraia wa Komoro, tafuta wakili kwanza, maana bila cheti watakuzungusha.

MjukuuWaMalindi
Hapana kaka, uraia sitaki. Nataka kuwajua watu wangu.

Wete_Maskati
Samahani, nilisoma mbio. Basi nikwambie yaliyonipata mimi. Niko Maskati, bibi yangu alitoka Pemba. Nilipokwenda nilikaa na wazee watano barazani, nikawaonyesha picha na kutaja majina yote niliyoyajua. Wote wakasema "ndiyo, ndiyo, tunamjua". Nikalia, nikakumbatia watu. Baada ya miezi 3 nikagundua nyumba ile haikuwa yetu. Hawakunidanganya. Mzee mmoja mwenye sauti alikubali, wengine wakamfuata, na majina nilikuwa nimewapa mwenyewe.

Safari ya pili nilikaa na kila mzee peke yake. Kuna mambo mawili niliyaficha: jina la utani la bibi, na kwamba alikuwa na ndugu aliyezama baharini. Bi kizee mmoja alimtaja yule aliyezama kabla sijafungua mdomo. Hapo nikajua.

BiMbeni
Umesema la maana sana, mwanangu.

Kilindini_Boy
Nimejifunza, Bi. Lakini kama ofisi za Moroni hazina, jina la mama atalitoa wapi? Watoto wa babu nao si hawakumwona huyo bibi?

BiMbeni
Atalitoa Unguja, kabla hajapanda ndege. Mjukuu, babu alifariki 1958 akiacha watoto. Kama mama yake alikuwa hai, kisheria ana sudusi yake, moja ya sita ya mali, hata akiwa ng'ambo. Kwa hiyo kama palifunguliwa faili la mirathi, atatajwa humo. Nenda Nyaraka pale Kilimani, uliza mafaili ya mirathi ya 1958 na miaka miwili mitatu baadaye, maana mirathi huchelewa. Usitafute kwa jina moja tu. Karani aliyeandika kwa Kiingereza aliweza kuandika Mbarak, Mubarak au Embaraka kwa mtu yule yule. Wangazija wengi pia walijiandikisha kwa balozi wa Kifaransa Zanzibar, kwa kuwa walihesabiwa raia wa himaya yake. Makaratasi ya kibalozi ya Ufaransa huhifadhiwa Nantes, unaweza kuwaandikia, lakini usisubiri jibu ndipo usafiri.

MjukuuWaMalindi
Wanajukwaa, narudi baada ya wiki tatu. Siku ya kwanza Kilimani sikupata kitu. Siku ya pili nikajaribu tahajia nyingine, na faili likaonekana kwenye mafaili ya 1960! Warithi: mke, watoto watatu, na mama, "anaishi Ngazija". Jina lake limeandikwa. Nilikaa pale nikashindwa hata kunakili, karani akanisaidia. Mji haukutajwa.

Nilimrudia shangazi. Anasema neno "Itsandra" alilisikia kwa bibi, na kwamba babu alikuwa akipokea barua kutoka kwa dada yake. Barua hazipo tena.

BiMbeni
Alhamdulillahi. Dada huyo ndiye wa kumtafuta. Kama alizaa mabinti, nyumba iko mikononi mwa wajukuu zake wa kike. Anza Itsandra mjini, kisha Ntsujini. Omba mtu wa pale akupeleke kwa wazee, usiende bangweni peke yako na simu mkononi. Kisha omba kuonana na bibi wazee majumbani, maana wao ndio wanaoshika nani kazaliwa na nani.

Neno la kwanza utakalosema, na ulirudie: hukuja kudai manyahuli. Wataingiwa na hofu hiyo hata wasipoitamka, na mtu mwenye hofu ya nyumba yake hakumbuki kitu. Na ujue nafasi yako. Hinya hupita kwa mama, na wewe umetokana na mwana wa kiume, kwa hiyo wewe si wa hinya ile. Watakupokea kama mtoto wa mwana wao wa kiume, kwa mapenzi, lakini nyumba ni ya kina dada. Nyumba yenyewe huenda imeshavunjwa ikajengwa ya matofali.

Mwezi wa 8 ni wa maharusi makubwa. Waliotoka Ufaransa wote wamerudi, wazee utawakuta mjini, lakini kila siku wamo shughulini. Siku 10 ni chache. Ukiweza nenda mwezi wa 10.

MjukuuWaMalindi
Likizo yangu ni ya mwezi wa 8 tu, Bi.

BiMbeni
Basi nenda, ufanye mji mmoja tu. Nina binamu Hahaya karibu na uwanja wa ndege, anajua Kiswahili, nitakuandikia pembeni. Jina la utani la babu, je, mnalo?

MjukuuWaMalindi
Tunalo. Sitaliandika hapa.