Tupeane uzoefu: kubakiza mpangilio wa picha ya mfano huku bidhaa, rangi na mandhari vikibadilika

Mchapaji: Wanajamvi, leo nimeona bango la mafuta ya nywele lililotengenezwa kwa akili unde, na chupa yake ina shingo ya manukato. Ninyi huzuiaje picha ya mfano isilete vitu vyake?

Binti Tabora: Umenikumbusha mbali. Bosi alitaka tangazo la asali lifuate picha ya chupa ya manukato iliyosimama kulia juu ya marumaru, kushoto pakiwa wazi kwa maandishi. Niliagiza mtungi mnene, meza ya mbao na rangi za dhahabu, lakini kila picha ilitoka na weupe wa marumaru, kwa sababu `img2img` ya Stable Diffusion, programu ninayochorea picha, huanzia kwenye picha ya mfano yenyewe. Nilipopandisha `Denoising strength` rangi zilibadilika, ila mtungi ukahamia katikati. Ndipo nikahamia `txt2img`, inayoanzia kwenye maelezo ya maandishi, pamoja na ControlNet ya Depth, ambayo husoma kilicho karibu na kilicho mbali bila kubeba rangi. Mbao zikatokea na nafasi ya maandishi ikabaki, lakini mtungi ukaota shingo ndefu. Bosi aliupeleka hivyo hivyo, na mteja akauliza tangu lini asali yake inapuliziwa kwapani.

Mama Sabuni: Nimecheka hadi machozi!

Kijana wa Mabango: Ungetumia Canny, ambayo inashika mpangilio barabara.

Fundi Mwanga: Inashika kingo zote, ndugu yangu, na shingo ikiwemo, kwa hiyo inafaa pale bidhaa mpya inapofanana umbo na ya zamani. Dada, hariri ramani ya Depth yenyewe, ile picha ya kijivu inayoonyesha umbali: ifute chupa, kisha chora umbo la mtungi mahali pale pale kwa kijivu kile kile, kwa kuwa weupe zaidi humaanisha ukaribu zaidi. Ipakie ukiwa umeweka Preprocessor kuwa `none`, na ushushe `Ending Control Step` hadi karibu 0.6 ili hatua za mwisho ziwe huru kuchora nyuzi za mbao. Upande wa mwanga uuandike katika maelezo, kwa sababu ramani hiyo haiubebi.

Kijana wa Mabango: Kazi yote hiyo ya nini? Mimi hushusha `Control Weight` hadi 0.5 na mambo yanakwisha.

Fundi Mwanga: Yanakwisha mpaka bidhaa ihame na kukalia nafasi ya maandishi.

Mama Sabuni: Jina la sabuni yangu hutoka herufi zisizosomeka. Je, Depth italirekebisha?

Mzee Kamera: Hapana, mama. Agiza lebo tupu, kisha bandika lebo yako halisi katika programu ya kuhariri. Binti Tabora, ile picha ya manukato mliipata wapi?

Binti Tabora: Bosi aliichukua mtandaoni, mzee.

Kijana wa Mabango: Kuweka kitu kulia hakuna mwenyewe.

Mzee Kamera: Kukiweka kulia, sawa. Ila ukichukua pembe, vivuli na kila kilichopangwa mezani, mpiga picha ataitambua kazi yake. Mimi hupiga picha ya mfano kwa simu, nikipanga makopo matupu mezani.

Kijana wa Mabango: Mzee, wateja wangu hawasubiri makopo.